Muuzaji wa China kakutumia skrinshoti ya Kichina kwamba mzigo utachelewa: jinsi ya kuisoma na kumjibu kistaarabu bila kujifunga (mwongozo kamili)

Wengi tunaoagiza China hii kitu tunaijua. Umeweka oda kwenye 1688, ule mtandao wa Kichina wa kununua bidhaa kwa jumla, umelipa kupitia wakala wako, umekaa unahesabu siku, halafu kwenye chati muuzaji anakutupia picha moja imejaa Kichina, chini yake kaweka emoji ya mikono iliyofumbatana basi. Hapo ndo watu wanaharibu. Kuna anayeandika "ok no problem" bila kujua kakubali nini, na kuna anayefoka kwa herufi kubwa halafu muuzaji anakaa kimya wiki nzima. Mimi nimeshafanya yote mawili kwa miaka tofauti, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekilipia ada.

Nitatumia oda yangu moja ya Februari 2026 mwanzo mpaka mwisho ili isiwe maneno ya hewani. Oda ilikuwa viatu vya watoto pea 80 kutoka kwa muuzaji wa Wenzhou, mji wa mkoa wa Zhejiang ambao wenyewe Wachina wanaujua kwa viatu. Nilitaka kuviuza Dar kabla ya Idi, na Idi ilikuwa inategemewa tarehe 20 au 21 Machi kutegemea mwezi kuandama. Mzigo unatoka Wenzhou kwa gari mpaka godauni la wakala wangu Guangzhou, wakala anaupandisha ndege. Tarehe 2 Februari, Jumatatu, ikaingia skrinshoti. Maneno yenyewe yalikuwa haya:

```
亲,工厂5号放假,正月初八开工。
28码缺30双,年后补发。
其余50双可先发,快递10号停收。
```

Mistari mitatu tu, ila ndani yake kuna mitego minne.

Kwanza hakikisha hiyo picha inakuhusu wewe

Kabla hata ya kutafsiri, angalia juu ya picha saa na tarehe, angalia kama kuna namba ya oda na ulinganishe tarakimu nne za mwisho na oda yako. Wauzaji wengi wanatuma tangazo moja kwa wateja wote, sasa ukikuta tangazo la jumla halina idadi ya bidhaa zako, ujue bado hujajibiwa kuhusu mzigo wako, umeambiwa tu hali ya hewa. Yangu ilikuwa na saizi na idadi ya pea zilizofanana na oda yangu, kwa hiyo ilikuwa yangu kweli.

Na kama ndani ya picha kuna kuombwa hela ya ziada, sijui ya kuhifadhi mzigo sijui ya kuuharakisha, ilipwe kwenye akaunti nyingine nje ya mtandao ulionunulia, hapo usijibu chochote cha adabu wala kisicho cha adabu, mpigie wakala wako kwanza.

Kuisoma: apu ya kutafsiri itakupa nusu tu

Maneno yaliyo ndani ya picha huwezi kuyakopi kirahisi kama ya meseji, kwa hiyo njia ya haraka ni kufungua Google Translate upande wa kamera uichague picha kwenye gelari, au kama mnachati WeChat ukibonyeza picha kwa muda inakuletea menyu yenye kutafsiri. Kama picha ina ukungu au imekatwa, mwombe akuandikie maneno, hawakasiriki:

```
您好,图片看不清,麻烦发文字给我,谢谢。
```

Hapo umemwambia picha haionekani vizuri, samahani kwa usumbufu nitumie maandishi, asante.

Sasa tafsiri ukishaipata usiikimbilie. Ya kwangu ilitoka kichekesho. Neno la kwanza kabisa, 亲, apu nyingine zinalitafsiri "busu" au "mpenzi", na mtu akichungulia simu yako akaona muuzaji wa viatu anakuita mpenzi utakuwa na maelezo mengi ya kutoa nyumbani. Ni salamu tu ya wauzaji wa mtandaoni kule, kama huku anavyokuita "mteja wangu" au "bosi". Usiijibu kwa mapenzi.

Mtego wa pili ni 号. Apu iliniambia "kiwanda namba 5 kina likizo", nikajiuliza kwani wana viwanda vingapi. Kumbe 号 baada ya namba kwenye maongezi ni tarehe. 5号 ni tarehe 5, 10号 ni tarehe 10. Ukiona namba imefuatwa na hiyo alama kwenye habari za mzigo, fikiria tarehe kwanza. Na wakiandika tarehe nzima wanaanza na mwezi ndo siku, kwa hiyo 02-03 ni Februari tarehe 3, sio tarehe 2 Machi kama tunavyosoma sisi. Kwa mtu anayesubiri mzigo hiyo tofauti ni karibu mwezi mzima.

Mtego wa tatu ndo uliowahi kuniaibisha: 正月初八. Tafsiri inakuja "siku ya nane ya mwezi wa kwanza", na wewe akilini unaweka Januari 8. Mwaka fulani nilisoma hivyo, Januari 8 ilikuwa imeshapita, nikamwandikia muuzaji kwamba ananidanganya mbona tarehe yenyewe imepita na sijatumiwa kitu. Maskini hakuelewa hata nalalamika nini. 正月 ni mwezi wa kwanza wa kalenda yao ya mwezi, na 初八 ni siku ya nane ya mwezi huo. Mwaka Mpya wa Kichina 2026 uliangukia 17 Februari, hiyo ndo siku ya kwanza, kwa hiyo ya nane ni 24 Februari. Mwaka 2025 ulianza 29 Januari kwa hiyo ya nane ilikuwa 5 Februari. Inahama kila mwaka, tena sisi hatuna sababu ya kushangaa, Ramadhani nayo inahama. Unachofanya ni kuangalia Mwaka Mpya wao umeangukia lini mwaka huo, unaiita hiyo siku moja, unahesabu mbele.

Kwa nini ya nane? Kule namba nane wanaiona ya heri, kwa hiyo biashara nyingi zinapenda kufungua siku hiyo. Ila kufungua mlango sio kufanya kazi. Wafanyakazi wa viwandani wanakuwa wamerudi mikoani kwao na wengine hawarudi mpaka ipite sikukuu ya taa, siku ya kumi na tano, ambayo 2026 ilikuwa 3 Machi. Kwa hiyo ukiambiwa 初八 wewe kwenye hesabu yako ongeza wiki moja kimyakimya.

Wa nne ni 年后. Apu inaweza kukuletea "miaka baadaye" au "mwakani", ukahisi presha inapanda. Maana yake ni baada ya Mwaka Mpya wa Kichina, na ndugu yake 年前 ni kabla ya Mwaka Mpya huo huo. Muuzaji akikwambia mwezi Januari kwamba atatuma 年前 hajakosea, anamaanisha kabla ya sikukuu yao, sio kabla ya Desemba kuisha.

Zilizobaki ni rahisi. 缺 ni pungufu, 补发 ni kutuma baadaye kile kilichopungua, 先发 ni kutangulizwa, 停收 ni kuacha kupokea. Ukiunganisha unapata hivi: kiwanda kinafunga tarehe 5 Februari, kinafungua 24 Februari. Saizi 28 zimepungua pea 30, zitatumwa baada ya sikukuu. Pea 50 zingine zinaweza kutangulia, na wasafirishaji wa vifurushi wanaacha kupokea tarehe 10.

Unaona habari ilivyobadilika? Mwanzo ilionekana mzigo wote umekwama, kumbe pea 50 zipo zinasubiri neno lako tu. Na neno lenyewe lina mwisho wake, tarehe 10.

Usimjibu bado, mpigie wakala wako kwanza

Hii hatua watu wanairuka halafu wanajibu kwa tarehe ya muuzaji, wakati tarehe inayokubana ni ya godauni. Godauni la Guangzhou nalo lina wafanyakazi Wachina na wao wanaenda sikukuu. Nikampigia wakala, akaniambia wanapokea mizigo mpaka tarehe 12 jioni, kinachoingia baada ya hapo kitalala mpaka warudi. Na ndege kwa makadirio yake ni siku 10 mpaka 14 mpaka mkononi Dar, kwa sababu ya msongamano wa kipindi kile.

Sasa hesabu. Kifurushi Wenzhou mpaka Guangzhou kawaida siku 2 au 3, ila kuelekea sikukuu kila mtu anatuma kwa hiyo niliweka 4. Kufika tarehe 12 kinatakiwa kitoke tarehe 8. Kwa hiyo tarehe yangu ni 8, sio 10 ya kwake. Nikimjibu tu "sawa tuma kabla ya 10" atatuma tarehe 9 usiku, atakuwa ametimiza neno lake na mzigo wangu utakuta godauni limefungwa.

Zile 30 nazo nikazihesabu: wanafungua 24 Februari, weka wiki ya watu kurudi, zitoke tuseme tarehe 2 Machi, Guangzhou tarehe 5, ndege siku 14, Dar tarehe 19 Machi. Idi 20 au 21. Viatu vya watoto ukivipata siku moja kabla ya Idi utavivalisha wanao. Kwa hiyo kichwani nilishajua zile 30 haziwezi kusubiriwa kirahisi, ila sikutaka kumwambia hivyo kwenye meseji ya kwanza, nieleze kwa nini.

Kuandika jibu

Anayekujibu kwenye hiyo chati mara nyingi ni mfanyakazi wa huduma kwa wateja, sio mwenye kiwanda. Kufunga kiwanda sio uamuzi wake. Ukianza na "mliniahidi" na "kwa nini", unamweka kwenye kona ya kujitetea, na njia yake rahisi ya kutoka ni kukutumia emoji na kupotea. Ukimpa kitu kidogo anachoweza kukifanya mwenyewe leo, kama kuhamisha boksi lako liwe mbele ya mengine, atakifanya.

Lakini adabu ina hatari yake, na hii ndo sehemu nataka uisome taratibu. Sisi Waswahili mtu akikuomba radhi jibu linatoka lenyewe, "hamna shida", "usijali". Kwenye Kichina apu inaligeuza kuwa 没关系, au ukiandika sawa linakuwa 好的. Kwenye chati ya oda iliyolipiwa, 好的 chini ya picha inayosema mzigo utachelewa ni kama sahihi yako kwamba umekubali kuchelewa. Baadaye ukifungua madai ya kurudishiwa hela, muuzaji anapiga skrinshoti ya jibu lako anaituma kwa wasimamizi wa mtandao ulionunulia, imekwisha. Hili lilinikuta: mzigo ulichelewa wiki tano, nikadai, wakanionesha neno langu mwenyewe. Tofauti unayotakiwa kuishika ni kati ya 理解, nimekuelewa, na 同意 au 好的, nimekubali. Elewa kwa moyo mkunjufu kadiri unavyotaka. Kubali tu kile ulichokikubali kweli, na ukitaje kwa idadi na tarehe.

Kitu kingine kizuri, wana neno linalokaa karibu kabisa na "pole na kazi" yetu. Ni 辛苦了. Wazungu wanahangaika kulitafsiri, sisi tunalo tayari. Weka hilo mwanzoni, mtu wa huduma kwa wateja anayejibu watu mia wiki ya mwisho kabla ya sikukuu atalipokea vizuri.

Mpangilio ninaoufuata: salamu na kushukuru kwa taarifa, kisha nini kifanyike na lini, kisha swali moja, kisha namba ya ufuatiliaji, kisha heri ya sikukuu. Yote kwenye meseji moja. Usitume "hello" ukasubiri aitike ndo uendelee, huku ni ustaarabu lakini kule unapoteza siku. Nilichotuma:

```
您好,截图已收到,谢谢,辛苦了。
50双请在2月8日前发到广州仓库。
28码的30双,2月24日开工后哪天能发?
发货后请告诉我快递单号。祝您新年快乐!
```

Kwa Kiswahili: Habari, skrinshoti nimeipata, asante, pole na kazi. Pea 50 naomba zitumwe kabla ya tarehe 8 Februari kwenda godauni la Guangzhou. Pea 30 za saizi 28, baada ya kufungua kazi 24 Februari, siku gani zinaweza kutumwa? Mkishatuma naomba namba ya kifurushi. Nakutakia heri ya Mwaka Mpya.

Angalia nilivyofanya. Tarehe zote nimeziandika kwa mwezi na siku kwa namba, 2月8日, hakuna "wiki ijayo" wala "hivi karibuni". Ile 初八 yake nimeirudisha kama 2月24日, kwa hiyo kama nimehesabu vibaya atanisahihisha hapo hapo, nimemuhakiki bila kumwambia namhakiki. Hakuna 好的 hata moja. Na swali ni moja tu, kwa sababu ukiuliza matatu atajibu lile rahisi.

Zile 30 nimeuliza siku badala ya kudai hela hapo hapo kwa sababu nilitaka kwanza aziachie pea 50 kwa roho safi. Ukitaja kurudishiwa hela kwenye meseji ya kwanza, wengine wanasimamisha oda nzima mpaka mmalizane, na mimi nilikuwa na siku 6.

Kama hujui Kichina, na wengi hatujui, andika sentensi fupi fupi kwa Kiswahili au Kiingereza rahisi, kila sentensi jambo moja, bila methali, bila utani, halafu zitafsiri. Kisha chukua Kichina kilichotoka ukikopi, ukibandike upya kwenye apu upande wa pili, uone kinarudi kikisema nini. Sentensi ikirudi na maana nyingine usihangaike kuirekebisha, ifute uandike upya kwa maneno machache zaidi. Kwenye hizi za mizigo kinachoharibika mara nyingi ni nani anatuma na nani anapokea, maana Kiswahili chetu kinaficha mtu ndani ya kitenzi. "Nitatumiwa lini" inaweza kurudi "nitatuma lini". Afadhali uandike "ninyi mnatuma siku gani".

Kuhusu saa, China nzima inatumia saa moja na iko mbele yetu saa tano. Ofisi zao nyingi zinaanza saa tatu asubuhi ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri, wanafunga saa kumi na mbili jioni yao ambayo kwetu ni saa saba mchana. Katikati hapo wana mapumziko marefu ya chakula, wengine wanalala kabisa, kwetu ni kama saa moja mpaka saa tatu asubuhi. Kwa hiyo mimi natuma saa tatu na nusu asubuhi. Ukituma saa tatu usiku baada ya kufunga duka, kule ni saa nane usiku, asubuhi meseji yako iko chini ya meseji za watu wengine themanini.

Akijibu 尽快

Alijibu ndani ya dakika ishirini. Pea 50 akasema ndiyo, zinatoka tarehe 7. Zile 30 akaandika 尽快, yaani haraka iwezekanavyo. Hilo neno ni zuri kulisikia lakini halina tarehe ndani yake, ni kama fundi cherehani akikwambia "ipo karibu". Usibishane nalo na usilipokee. Mpe njia nyingine ambayo ni rahisi kwake kuliko kukupa tarehe:

```
理解,谢谢您。我要在开斋节前用货。
28码可以换成29码吗?有多少双现货?
```

Hapo nimesema nimeelewa, nahitaji bidhaa kabla ya Idi, je 28 inaweza kubadilishwa iwe 29, na zilizopo stoo sasa hivi ni pea ngapi. 开斋节 ni Idi ya kumaliza mfungo, na 现货 ni mzigo uliopo mkononi, sio utakaotengenezwa. Hilo neno la mwisho ni muhimu, ukiuliza tu "mnazo?" atasema anazo akimaanisha wanazitengeneza.

Akasema 29 zipo pea 20. Kiatu cha mtoto kikizidi saizi moja mzazi hakatai, anakwambia atakikulia. Nikafunga:

```
好的,换20双29码,和50双一起发。
剩下10双请退款,谢谢!
```

Sasa hapa 好的 nimeiweka kwa kujua, maana nimekubali kitu chenye idadi: 20 za saizi 29 zisafiri na zile 50, 10 zilizobaki nirudishiwe hela. Akikubali kwenye chati usiishie hapo, bonyeza ombi lenyewe kwenye oda, kitufe kinaandikwa 申请退款, uweke kiasi cha pea 10 tu. Maneno ya chati ni ushahidi, hela inarudishwa na kitufe. Na kama aliyekulipia ni wakala, hela inarudi kwenye akaunti iliyolipa, kwa hiyo mwambie wakala siku hiyo hiyo asije akaiona akadhani ni yake au ya mteja mwingine.

Angalia pia saa inayohesabu kwenye oda. Ikishaandikwa imetumwa, mfumo unaanza kuhesabu siku na mwisho wake unathibitisha wenyewe kwamba umepokea, hata kama boksi liko njiani, na hela inaenda kwa muuzaji. Kwa oda iliyogawanywa ndo hatari zaidi kwa sababu nusu imefika na nusu haijafika. Kuna kitufe cha kuongeza muda, 延长收货, kitumie kabla muda haujaisha, au mwombe muuzaji aongeze yeye.

Skrinshoti ya pili, ya "nimeshatuma"

Tarehe 7 jioni ikaja picha nyingine, ya ufuatiliaji. Juu imeandikwa 已发货, imeshatumwa. Ningekuwa wa zamani ningelala usingizi. Lakini mstari wa chini yake ulikuwa 待揽收, inasubiri kuchukuliwa. Maana yake muuzaji kachapa karatasi ya kifurushi, namba ipo, lakini msafirishaji hajaja kulibeba boksi, bado liko mlangoni kwa muuzaji. Likishabebwa panabadilika kuwa 已揽收. Herufi moja tu mwanzoni, 待 ni inasubiriwa, 已 ni tayari. Wiki ile ya mwisho kabla ya sikukuu boksi linaweza kukaa kwenye 待 siku tatu na muuzaji kwa upande wake anahesabu kamaliza.

Nilisubiri mpaka asubuhi ya tarehe 8, nikaingiza namba mwenyewe, bado 待. Nikaandika:

```
您好,单号已收到,谢谢。
物流还显示待揽收,麻烦催一下快递。
```

Yaani namba nimeipata asante, ufuatiliaji bado unaonesha inasubiri kuchukuliwa, samahani kwa usumbufu wahimize kidogo wasafirishaji. Sikumwambia hujatuma, nimeulaumu ufuatiliaji na sio yeye, na 麻烦 pale ni ile "samahani nakusumbua" yetu. Mchana wa siku hiyo hiyo ikabadilika kuwa 已揽收.

Boksi liliingia Guangzhou tarehe 11, siku moja kabla ya geti kufungwa. Wakala akanipigia picha likiwa na maki yangu ubavuni, yaani alama ya kutambulisha mzigo wangu, pea 70. Hela ya zile 10 ilirudi kwa wakala baada ya siku chache akanikata kwenye gharama ya ndege. Zile za saizi 29 ndo zilianza kuisha dukani, za saizi 31 mpaka sasa nina pea nne hapa, kuna mtu anazitaka?